Picha haina ‘hata kama’: Historia fupi ya kumweleza mzazi chanjo

Neno ‘chanjo’ ni picha. Limetokana na kitenzi kuchanja, yaani kukata au kupasua. Tunachanja kuni, na mganga wa jadi humchanja mtu chale kisha akapaka dawa juu ya mikato. Kinga dhidi ya ndui ilipoanza kutolewa katika nchi zetu, watu waliona kitendo wanachokijua: ngozi inakwaruzwa, dawa inapitishwa, kovu linabaki. Hawakuhitaji kueleza kitu kipya kwa neno geni. Waliita walichokiona.

Majina kadhaa ya maradhi ya utotoni yana tabia hiyo hiyo. Dondakoo ni donda la kooni. Homa ya matumbo inasema yenyewe inaumia wapi. Kupooza, jina ambalo wazazi wengi walilijua kabla ya kulisikia neno polio, linaonyesha kiungo kilicholegea. Muuguzi akiyatamka majina haya, nusu ya kazi yake ya kueleza imekwisha kufanywa na lugha.

Lakini yapo majina yasiyokuwa na picha ndani yake. Rubela ni mojawapo. Mama akisikia ‘rubela’ hapati chochote cha kushika. Na ugonjwa wenyewe, kwa mtoto aliyeupata, huwa mwepesi: vipele kidogo, homa kidogo, basi. Madhara yake makubwa humpata mtoto mwingine kabisa, yule aliye tumboni mwa mama mjamzito aliyeambukizwa katika miezi ya mwanzo. Huyo huweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, au na kasoro za moyo. Utachoraje jambo hilo? Swali hili ndilo linaloniongoza leo. Kila kampeni ya chanjo ya watoto huja na mabango na kadi zenye maneno machache na picha nyingi, na ni vizuri iwe hivyo. Ila historia inatufundisha kwamba picha ina mambo inayoyaweza na mambo isiyoyaweza, na kwamba kampeni hukwama pale picha inapobebeshwa mzigo wa maneno.

Tuanze na picha iliyofaulu. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilizidisha juhudi za kuufuta ugonjwa wa ndui. Haukupita muda mrefu kabla ya wataalamu kutambua kwamba kuchanja watu wengi hakutoshi. Ilibidi kila mgonjwa atafutwe, atengwe, na wote walio karibu naye wachanjwe. Sasa utampataje mgonjwa aliyefichwa katika kijiji ambacho huijui hata lugha yake?

Jibu lilikuwa kadi ndogo ya kushika mkononi, yenye picha ya mtoto mgonjwa wa ndui. Nchini Indonesia wachunguzi waliwaonyesha picha ya namna hiyo wanafunzi shuleni, wakagundua kwamba watoto wanajua vizuri sana nani anaumwa na nyumba ipi. Baadaye kadi zilichapishwa kwa wingi na kupelekwa nchi nyingi, zikaonyeshwa sokoni, shuleni na mlango hadi mlango. Swali lilikuwa moja tu: Umemwona mtu wa namna hii?

Tazama mgawanyo wa kazi hapo. Picha ilitoa nomino, yaani ‘huyu’. Mdomo wa mchunguzi ukatoa swali, yaani ‘umemwona?’ Picha haikutakiwa kusema lini, kwa nini, au ufanye nini baadaye. Tena ilichaguliwa kwa uangalifu, kwa sababu ndui ilichanganywa mara nyingi na tetekuwanga. Vipele vya ndui hujaa zaidi usoni na kwenye mikono na miguu, hata viganjani na nyayoni, na vyote hukomaa kwa pamoja. Vya tetekuwanga hujaa zaidi kifuani na mgongoni, vingine vikiwa vipya na vingine vimekauka. Ndiyo maana picha ilihitaji kuonyesha uso, mikono na mwili. Kipele kimoja kilichokuzwa hakingesema lolote.

Kukosea kutofautisha maradhi hayo mawili halikuwa kosa la wasiosoma peke yao. Mnamo Oktoba 1977, mjini Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua. Kwanza ilidhaniwa ana malaria, kisha ikadhaniwa ana tetekuwanga. Alikuwa na ndui, na akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa. Miezi michache kabla ya hapo, upande wetu wa mpaka, ndui ilikuwa imeonekana Mandera. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba tangazo la kuisha kwa ndui katika Pembe ya Afrika lilitolewa hapa Nairobi, tarehe 26 Oktoba 1979.

Maalin alifanya kazi hospitalini, lakini hakuwa amechanjwa. Baadaye alieleza kwamba aliogopa. Aliona kama chanjo ile inauma. Tutarudi kwake.

Ufanisi wa kadi ya ndui uliwapa watu wengi imani kubwa mno katika picha. Wakadhani kwamba asiyesoma maandishi anasoma picha moja kwa moja, kana kwamba jicho halihitaji shule. Waliochunguza jambo hilo kwa makini waliona vingine. Andreas Fuglesang, Mnorwe aliyefanya kazi ya elimu ya lishe nchini Zambia, alisisitiza kwamba kusoma picha ni ujuzi unaofunzwa, kama kusoma herufi. Mwaka 1976 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Watoto lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa Nepal, ambako wanakijiji walionyeshwa picha za aina mbalimbali na kuulizwa wanaona nini. Naomba nichukue mafunzo matatu tu kutokana na kazi za namna hiyo.

La kwanza ni kwamba picha ya kamera yenye kila kitu ndani yake si lazima iwe rahisi kuliko mchoro. Mtazamaji huvutwa na nyumba iliyo nyuma, mbuzi aliye pembeni, na rangi ya kitenge. Picha ile ile, mandhari yake yakifutwa akabaki mtu peke yake, hueleweka zaidi. Mchoro wenye kivuli kidogo, unaoonyesha unene wa mwili, nao hueleweka vizuri. Michoro ya vijiti, ile ambayo sisi tuliosoma huiona rahisi, ndiyo huwasumbua watu.

La pili, alama si picha. Mkasi wa mistari miwili, yaani ‘X’, maana yake ‘hapana’ kwa yule aliyekaa darasani na kusahihishiwa daftari. Asiyepitia huko huona vijiti viwili vimepishana juu ya mtoto. Mshale nao ni mshale, silaha ya kuwindia. Vivyo hivyo picha tatu zikipangwa mstari mmoja, hakuna sheria ya maumbile inayosema zitazamwe kutoka kushoto kwenda kulia. Sheria hiyo tumeichukua kwenye kitabu.

La tatu ni ukubwa na ukamilifu. Kuna kisa kinachosimuliwa tangu zama za ukoloni, cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye bango wakasema kwa utulivu kwamba wao hawana shida, mbu wao ni wadogo. Sijui kama kuna mwalimu wa afya ambaye hajakisikia, na kwa kawaida husimuliwa ili tuwacheke wanakijiji. Mimi naona walikuwa wasomaji makini. Mchoraji ndiye aliyesema uongo kuhusu ukubwa wa mbu bila kutoa taarifa. Hali kadhalika, mkono uliochorwa peke yake ukiwa na sindano unaweza kusomeka kuwa mkono uliokatwa. Chora mtoto mzima.

Sasa tuyalete mafunzo haya kwenye kliniki zetu. Mnamo Julai 2025, kuanzia tarehe 5 hadi 14, Kenya iliendesha kampeni ya chanjo mbili kwa pamoja. Moja ilikuwa ya ukambi, ambao wengine huuita surua, pamoja na rubela. Hiyo ililenga watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miezi 59, yaani wasiofikisha miaka 5. Ya pili ilikuwa ya homa ya matumbo, taifodi kama tunavyoiita mitaani, na ililenga wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Mtoto wa umri uliolengwa alitakiwa kuchanjwa hata kama alikuwa tayari amepata chanjo yake ya ukambi katika ratiba ya kawaida.

Hebu tujaribu kuliweka hilo kwenye karatasi moja yenye picha, tuone picha itafika wapi. Huu ni mfano wangu wa kufanyia hesabu, si maelezo ya mabango yaliyotumika.

Picha ya kwanza ni ya ‘nani’. Umri hauonekani, ila mwili unaonekana. Mtoto wa miezi 9 huketi bila kushikwa na mara nyingi hutambaa. Basi tunamchora akitambaa karibu na miguu ya mama yake. Wa miaka 3 tunamchora amesimama ameshika leso ya mama. Wa miaka 10 amevaa sare ya shule, na wa miaka 14 pia, naye karibu anamfikia mama begani. Wale wawili wadogo tunawaweka pamoja, na wale wawili wakubwa pamoja, makundi mawili yenye nafasi kati yao. Mpaka hapo tuko salama. Wakenya wa rika langu waliandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, kwa hiyo kusoma umri kwenye mwili si jambo geni kwetu. Lakini kumbuka kwamba mwili hautoi mpaka kamili. Mtoto wa miezi 58 na wa miezi 62 hawatofautiani kwa kuchorwa. Hapo nesi atafungua kijitabu cha mama na mtoto asome tarehe ya kuzaliwa. Picha imemleta mzazi mpaka mezani, na tarehe ndiyo inayoamua.

Picha ya pili ni ya ‘nini’. Watoto wadogo wanapata sindano mbili, wakubwa wanapata moja. Tunachora mtoto mzima akiwa amepakatwa, muuguzi upande mmoja, sindano ikiwa na ukubwa wake halisi. Ili kuonyesha mbili, kishawishi ni kuandika ‘2’. Wazazi wengi wanazijua tarakimu hata kama hawasomi, kwa sababu ya pesa na simu, kwa hiyo tarakimu hiyo inafaa. Ila kusiwe na mtoto mgonjwa mwenye vipele pembeni ya sindano. Mtu akitazama mtoto anayedungwa kisha mtoto mwenye vipele, anaweza kabisa kusoma kwamba wa kwanza amekuwa wa pili: kadungwa, kaugua. Picha mbili zikikaa pamoja, jicho huzitafutia uhusiano wa sababu na matokeo, na hakuna aliyeliambia uhusiano huo unaenda upande gani.

Picha ya tatu ni ya ‘baadaye’. Mahali pa sindano panaweza kuuma na kuvimba kidogo siku hiyo au kesho yake, na hilo linachoreka. Lakini chanjo ya ukambi ina tabia yake. Homa yake mara nyingi haiji siku ile ile, huja takriban wiki moja baadaye, wakati mwingine na vipele vichache, kisha ikapita. Mzazi ambaye hakuambiwa hatahusisha homa hiyo na chanjo, au ataihusisha kwa hofu na kumwambia jirani kwamba mtoto ‘alidungwa ukambi’. Wiki moja utaichoraje? Jua saba na miezi saba? Mchoro huo utamchosha hata profesa. Sentensi moja ya mdomo inamaliza kazi: Wiki ijayo anaweza kupata joto la mwili, ni kawaida, litaisha.

Picha ya nne ni ya ‘rudi’. Mtoto anayeshikwa na kifafa, anayepumua kwa shida, au aliyelegea asiweze kunyonya, arudishwe kliniki mara moja. Hapa mchoro unafaa sana, kwa sababu hali zenyewe zinaonekana kwa macho. Mama amembeba mtoto, uso wake kuelekea mlango wa kituo kile kile anachokijua.

Karatasi yetu imejaa, na bado jambo gumu kuliko yote halijaguswa. Mzazi anayesimama kwenye foleni anasema, “Lakini huyu wangu ashadungwa akiwa na miezi tisa, nesi, si mliandika kwa kitabu?” Swali hilo ni la haki kabisa. Yeye amefuata ratiba, ametunza kijitabu chake, na sasa anaambiwa arudie. Jibu lake ni kwamba dozi moja huacha watoto wengine bila kinga, kwamba haiwezekani kuwajua kwa kuwatazama, na kwamba dozi ya nyongeza haimdhuru yule aliyekwisha kupata kinga. Yote hayo yanasimama juu ya maneno mawili: hata kama. Aletwe hata kama amechanjwa.

Na picha haina ‘hata kama’. Unaweza kuchora mtoto, sindano na kijitabu chenye alama. Ukiviweka pamoja, mmoja atasoma kwamba aliyechanjwa aletwe, mwingine kwamba aliyechanjwa asiletwe, na wa tatu kwamba usisahau kijitabu. Wote watatu wamesoma vizuri. Picha haina pia ‘isipokuwa’, ‘kabla’, ‘kama’, wala ‘si’. Ina nomino nyingi, ina vitenzi kadhaa, na imekosa viunganishi. Wanaisimu hupenda kuyaita maneno haya madogo maneno ya kisarufi, na wanafunzi huyaona kama gundi tu isiyo na maana yake. Foleni ya kliniki inatuonyesha kinyume chake. Gundi hiyo ndiyo inayobeba masharti, na katika tiba masharti ndiyo yanayoamua mtoto gani apewe nini.

Kwa hiyo ile kanuni ya ‘maneno machache’ inahitaji kusahihishwa kidogo. Mara nyingi maneno machache ya bango hutumika kurudia picha. Chini ya mchoro wa mtoto anayedungwa huandikwa ‘Mtoto anadungwa’, kisha nafasi inakwisha. Akiba hiyo ndogo ya maneno ingewekwa pale picha inaponyamaza: ‘Hata kama amechanjwa’, ‘Wiki ijayo’, ‘Chini ya miaka 5’. Na rubela, ambayo jina lake halina picha na madhara yake yako kwa mtoto ambaye hajazaliwa, isibanwe kwenye mchoro. Sentensi moja inatosha: Chanjo hii inamlinda mtoto wako, na inamlinda mwenye mimba aliye karibu naye.

Utajuaje kama karatasi imeshindwa? Usimwulize mzazi, “Umeelewa?” Kwa adabu zetu, swali hilo lina jibu moja tu. Mama atasema, “Ndiyo, daktari,” kwani kusema hapana ni kumwambia mwenye koti jeupe kwamba hajui kueleza. Mwonyeshe picha moja, umfunike nyingine, umwulize, “Mama, hapa unaona nini?” Kisha, “Inakuambia ufanye nini?” Maswali haya ni mawili tofauti. Wapo watakaotaja kila kilichochorwa bila kupata ujumbe wowote, na kosa hilo si la macho yao. Watu watano wakikupa majibu matatu kwa picha moja, rudi kwa mchoraji. Na baada ya maelezo ya mdomo, mwulize, “Ukifika nyumbani, baba watoto akiuliza kwa nini kadungwa tena, utamwambiaje?” Hapo mama ndiye mwalimu, na pengo lolote litaonekana bila mtu kuaibishwa. Inafaa kufanya jaribio hilo na wazazi wenyewe, kabla ya kuchapisha maelfu ya nakala, na kwa lugha ya pale pale. Kuna kliniki ambako ‘surua’ itakupatia macho matupu na ‘ukambi’ ikafungua mazungumzo.

Kuna na mpaka mwingine, nao si wa uchoraji. Mwaka 2014 nchi hii ilizozana vikali kuhusu kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, maaskofu wa Kikatoliki wakihoji usalama wake na serikali ikiutetea. Waliokuwa na shaka wakati ule walikuwa wameiona michoro, na walikuwa wameelewa vizuri kabisa wanachoambiwa. Walitaka kujua kama wakiamini watakuwa salama. Mzazi mwenye shaka ya namna hiyo ukimwonyesha tena mtoto anayetabasamu, utakuwa umejibu swali ambalo hakuliuliza. Anahitaji mtu anayemjua, atakayekaa naye na kumsikiliza.

Ndipo tunamrudia Ali Maow Maalin. Mtu huyo aliyekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu aliishi, na miaka mingi baadaye akajitolea katika kampeni za polio nchini kwao. Kwa mzazi aliyesitasita alisimulia yaliyompata: kwamba naye aliogopa, kwamba alikuja kuwa mgonjwa wa mwisho wa ndui. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia na kuvuka hadi kambi za Dadaab, alirudi kazini, na akiwa katika kazi hiyo alipata homa ya malaria iliyomuua.

Kadi ya mtoto mwenye ndui iliwasaidia wachunguzi kuwafikia wagonjwa wa aina yake. Lakini Maalin alipokwenda kwa akina mama wa Somalia, alichokuwa nacho ni sentensi ambayo hakuna mchoraji angeweza kumchorea: mimi nilikataa, na laiti ningekubali.